Kilo Nusu na Kilo na Nusu: Mhadhara juu ya Kuupasua Mstari wa Daftari la Duka

Naanza na mistari miwili. Wa kwanza unasema: sukari kilo nusu. Wa pili unasema: sukari kilo na nusu. Mwenye duka akisoma wa kwanza anapima gramu 500. Akisoma wa pili anapima gramu 1,500. Kati yao kuna neno moja la herufi mbili, na neno hilo limeuongeza mzigo mara tatu.

Sasa mpe kompyuta mistari hiyo na uiambie itoe safu tatu: kiasi, kipimo, bidhaa. Watu wengi huanza kwa kutupa maneno "yasiyo na maana", na la kwanza kutupwa ni hilo "na". Mistari yote miwili inatoka na jibu moja, 0.5, kilo, sukari. Hakuna alama nyekundu wala onyo lolote. Jedwali linapendeza, na limekosea kilo nzima.

Nilikutana na kosa hilo nilipomsaidia mama mmoja mwenye duka la rejareja kuingiza daftari lake la madeni kwenye kompyuta. Daftari limeandikwa na mikono mitatu: wa kwake, wa binti yake, na wa kijana wa dukani aliyekuwa akiandika kwa haraka huku mteja amesimama. Leo nitachukua mistari sita tu kutoka humo, kwa kuwa taabu zote nilizozipata zimo katika hiyo sita.

```
sukari kilo na nusu
mafuta ya kula lita 2½
mayai trei mbili
unga wa kilo 2 pakiti 6
dagaa vikopo vinne
maharage ya elfu mbili
```

Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kukata kila penye nafasi. Katika Excel iko amri ya `Text to Columns` inayofanya hivyo kwa mibofyo michache, na ukiijaribu kwa "sukari kilo 2" unafurahi: sukari huku, kilo pale, 2 pembeni. Ukifika kwenye "mafuta ya kula lita 3" unapata safu tano, na lita imekaa mahali ambapo mstari uliotangulia ulikuwa na hewa tupu. Hilo angalau linaonekana kwa macho. Lisiloonekana ni "sukari kilo 1/2". Ukiikata hiyo bila kuiambia Excel kwamba safu ni ya `Text`, ile 1/2 inageuka kuwa tarehe: 2 Januari au 1 Februari, kutegemea mpangilio wa nchi uliomo kwenye mashine yako. Na tarehe ndani ya Excel ni namba ya siku. Tarehe 2 Januari 2024, kwa mfano, huhifadhiwa kama 45293. Jumlisha safu ya kilo, na nusu kilo ya sukari imekuwa tani 45 na ushei.

Kwa hiyo tuache kukata, tusome. Lakini kabla ya kusoma kuna kufua, na hapo mstari wa pili una mtego wake. Ile ½ ni herufi moja, si tatu. Wapo wanaopenda kuupitisha mstari mzima kwenye usanifishaji wa Unicode unaoitwa NFKC, ambao huifungua ½ ikawa 1, mkwaju, 2. Ni wazo zuri mpaka ½ iwe imegandana na namba nyingine. "2½" inatoka ikiwa "21⁄2", nawe umeuza ishirini na moja juu ya mbili, yaani lita kumi na nusu za mafuta badala ya mbili na nusu. Dawa ni kuitanguliza nafasi wewe mwenyewe kabla usanifishaji wowote haujaigusa.

```python
import re

def fua(s):
    for a, b in (("½", " 1/2"), ("¼", " 1/4"), ("¾", " 3/4")):
        s = s.replace(a, b)
    s = s.lower()
    s = re.sub(r"(\d)([a-z])", r"\1 \2", s)
    s = re.sub(r"([a-z])(\d)", r"\1 \2", s)
    return s.split()
```

Mistari miwili ya mwisho kabla ya kukata hutenganisha tarakimu na herufi, maana yule kijana wa dukani aliandika "2kg", "kg2" na "2 kg" ndani ya ukurasa mmoja. Baada ya kufua tuna orodha ya maneno mazima. Nasisitiza maneno mazima. Ukitafuta kipimo ndani ya mstari kama kipande cha herufi, basi `l` ya lita itaonekana mwanzoni mwa "limau", na "2 limau" itakuwa lita mbili za "imau". Kwa namna hiyohiyo `m` ya mita itauma "mikate" na kuacha "ikate". Nimeyaona yote mawili, na la mikate lilinichukua mchana mzima, kwa sababu safu ya kipimo ilionekana safi kabisa. Aliyeshindwa kuelewa alikuwa msomaji wa safu ya bidhaa.

Sasa tusome. Kila neno tulipe herufi moja inayosema kazi yake. K ni kipimo: kilo, lita, trei, pakiti, debe, fungu, pamoja na wingi wake, madebe na mafungu. I ni idadi, iwe 2 au "mbili". S ni sehemu: nusu, robo, 1/2. N ni lile neno "na" lenyewe. A ni a-unganifu, yaani wa, ya, la, cha, vya, za. Neno lolote lililobaki ni B, bidhaa. Mstari wetu wa kwanza, "sukari kilo na nusu", unakuwa BKNS. Pacha wake, "sukari kilo nusu", unakuwa BKS. Ile "na" iliyokuwa ikitupwa sasa ina kiti chake.

Faida yake ni kwamba ruwaza ya kutafuta kiasi haihitaji tena kujua maneno. Inaangalia herufi hizo chache tu:

```python
KIASI = re.compile(r"(IS?|S)K|K(I(N?S)?|N?S)?")
```

Isomeni polepole. Upande wa kushoto ni idadi au sehemu inayotangulia kipimo: "2 kg", "nusu kilo". Upande wa kulia ni kipimo kinachotangulia, kisha idadi, na pengine sehemu: "kilo mbili", "kilo mbili na nusu", "kilo nusu", "kilo na nusu". Kipimo kikisimama peke yake, "sukari kilo", maana yake ni moja, na hivyo ndivyo kila mtu husema dukani. Kanuni ya hesabu inafuata: KS ni sehemu peke yake, KNS ni moja kujumlisha sehemu, KINS ni idadi kujumlisha sehemu. Mstari wa kwanza unatoa 1.5. Wa pili, "mafuta ya kula lita 2½", unakuwa BABKIS, na ruwaza inachota KIS: lita 2.5. Kilichobaki, BAB, ni "mafuta ya kula", nacho ndicho bidhaa.

Kuna maneno machache yanayopaswa kuunganishwa kabla ya kupewa herufi. "Robo tatu" ni 0.75, ukiliacha "tatu" lijitegemee, ruwaza itachota robo peke yake katika "kilo robo tatu", na mtu aliyechukua gramu 750 atadaiwa gramu 250. "Kasorobo" hutoa: kilo mbili kasorobo ni 1.75. Na "kumi na mbili" ni namba moja, ingawa ina "na" ndani yake. Haya ni machache na yanahesabika. Yaandikeni kwenye jedwali dogo na kusonga mbele.

Kazi hii ya kulipa kila neno lebo si yangu. Mwaka 2015 wahandisi wa gazeti la The New York Times walieleza namna walivyopasua mistari ya viungo katika hazina yao ya mapishi kwa mbinu ya takwimu iliyochapishwa mwaka 2001 na Lafferty, McCallum na Pereira. Nayo hulipa kila neno lebo kwa kutazama neno lenyewe na majirani zake. Wao walikuwa na maelfu mengi ya mistari iliyokwisha kuwekewa alama na watu, kwa hiyo mashine ilijifunza kutoka humo. Mwenye daftari moja hana utajiri huo. Ila anacho kitu ambacho mapishi ya Kiingereza hayana, nacho ni ngeli.

Tazameni mstari wa tatu na wa tano. "Mayai trei mbili": mbili ya nini? Kama yangekuwa mayai, angeandika mawili. "Mbili" haina kiambishi cha mayai. Inakwenda na trei, iliyo katika ngeli ya I-ZI. Katika Kiingereza namba mbili ni ileile kwa yai, kwa mkate na kwa trei. Kwetu namba inavaa sare ya kile inachokihesabu: mikate miwili, vikopo viwili, mafungu mawili. Kwa hiyo orodha ya namba katika programu lazima iwe na sura zote, na kila sura ibaki na kumbukumbu ya kiambishi chake. Anayeandika `mbili` peke yake kwenye orodha, kisha akashangaa "mawili" kuingia kwenye safu ya bidhaa, amesahau lugha yake mwenyewe kwa sababu amefunzwa programu kwa lugha nyingine.

Thamani yake kubwa inaonekana kwenye "dagaa vikopo vinne". Nilipoanza, orodha yangu ya vipimo haikuwa na kikopo. Sikujua kwamba pale dukani dagaa hupimwa kwa kikopo kitupu cha maziwa ya unga. Programu iliuona mstari huu kama BBI, bidhaa, bidhaa, idadi, na ruwaza haikupata K hata moja. Lakini "vinne" ina "vi", na "vikopo" ina "vi", na "dagaa" haina. Kinachohesabiwa ni vikopo. Basi vikopo ni kipimo, hata kama hakuna aliyeniambia. Nikaandika kanuni fupi: mstari ukikosa kipimo, chukua kiambishi cha namba, tafuta neno lililo karibu zaidi upande wa kushoto lenye kiambishi hichohicho, kisha liweke kwenye orodha ya "vipimo vya kuulizia". Siliingizi moja kwa moja; naliulizia, kwa sababu kuna "mayai mawili", ambapo kinachohesabiwa ni bidhaa yenyewe na hakuna kipimo. Dalili ni kwamba mstari wa namna hiyo hauna neno jingine la kuwa bidhaa. Kwa njia hiyo viliibuka kikopo na mche wa sabuni, ambao ulijitokeza katika "sabuni miche mitatu".

Msaada huu una mipaka, na si vigumu kuijua. Sita, saba na tisa zilitoka Kiarabuni na hazivai sare. Kumi ni ya Kibantu lakini nayo haibadiliki. "Dagaa vikopo sita" haisemi lolote. Tarakimu ndiyo bubu kabisa: "dagaa vikopo 4" ina namba isiyo na ngeli. Na pale bidhaa na kipimo vinapokuwa ngeli moja, kama "mafuta madumu mawili", kiambishi kinawapenda wote wawili, hivyo kanuni ya ukaribu ndiyo inayoamua. Wengine huandika "trei mawili" kwa mazoea ya kwao. Ndiyo maana nimesema msaada.

Mstari wa nne, "unga wa kilo 2 pakiti 6", ndio uliokuwa na mabishano. Herufi zake ni BAKIKI. Ruwaza inachota viasi viwili, kilo 2 na pakiti 6, na programu ya haraka huchukua cha kwanza: kilo mbili za unga. Mteja amebeba kilo kumi na mbili. Jibu limo katika A. A-unganifu ikifuatwa na kipimo na idadi, AKI, inaeleza ukubwa wa bidhaa. "Unga wa kilo 2" ni jina la kitu kama kinavyokaa rafuni. Kwa hiyo AKI iondolewe kwanza na kubaki na bidhaa. KI inayosalia ndiyo kiasi: pakiti 6. Ukitaka jumla ya kilo, weka safu ya nne ya ukubwa uzidishe baadaye. Mstari ukiishia kwenye AKI bila kiasi kingine, "unga wa kilo 2" basi, ni pakiti moja.

Hapa a-unganifu inastahili tukae nayo kidogo, maana ndiyo bawaba ya mlango wote. Ikifuatwa na jina, inatambulisha bidhaa: kilo mbili za sukari. Ikifuatwa na kipimo na idadi, ni ukubwa. Tena mahali namba ilipokaa pembeni yake hubadili maana. Aliyeandika "chupa za chai mbili" amenunua vyombo viwili vya kuhifadhia chai moto, na namba yake imekuja baada ya jina zima. "Chupa mbili za chai", yaani KIAB, inaweza kuwa vyombo hivyo, au chai iliyojazwa kwenye chupa mbili kupelekwa msibani. Kwa KABI programu yangu huchukua maneno matatu ya kwanza kuwa bidhaa na haitoi kipimo. Kwa KIAB pamoja na neno chai huweka alama ya kuulizia.

Na tazameni "kilo mbili za sukari na nusu ya chumvi". Ile "na" inaunganisha nini? Kama nusu ingekuwa mwendelezo wa kilo mbili, tungetarajia "kilo mbili na nusu za", kwa wingi. "Nusu ya" iko katika umoja, inaanza hesabu mpya: nusu kilo ya chumvi, na mstari unapaswa kuwa safu mlalo mbili. Wapo wanaosema "kilo mbili na nusu ya sukari" wakimaanisha 2.5, nami siwasahihishi. Ila bidhaa ikiwa imekwishatajwa kabla ya "na nusu ya", naukata mstari pale, na nauwekea alama ili mtu autazame.

Utajuaje kwamba umekosea, ikiwa jedwali linapendeza? Mimi hutegemea vipimo viwili vya uhakiki. Cha kwanza ni cha masazo: kila neno la mstari wa asili lazima liwe limeingia kwenye safu fulani, na neno lililobaki bila kwao liandikwe pembeni. Ndiyo maana mstari wa asili haufutwi kamwe. Unakaa kwenye safu yake kushoto kama ulivyoandikwa, na makosa yake ya tahajia. Cha pili kina nguvu zaidi, kwa kuwa kinatumia kitu ambacho daftari lilikuwa nacho tangu mwanzo: fedha. Gawanya bei kwa kiasi upate bei ya kipimo kimoja, kisha panga kwa bidhaa. Tuseme sukari wiki ile iliuzwa shilingi 3,000 kwa kilo. Mstari wa "kilo na nusu" una 4,500 pembeni yake. Ukiusoma 1.5, kilo moja ni 3,000, sawa na jirani zake. Ukiusoma 0.5, kilo moja inakuwa 9,000, na mstari huo unasimama peke yake juu ya orodha kama mnazi shambani. Hivyo ndivyo nilivyoligundua kosa la "na" kwa mara ya kwanza. Sikuligundua kwa akili.

Jambo moja ambalo uhakiki huu hauwezi, wala msijaribu, ni kuvigeuza vipimo vya soko kuwa kilo ndani ya hatua hii. Debe lilianza kama bati la mafuta ya taa la galoni 4, lita 18 hivi. Debe la mahindi na debe la mkaa yana ujazo mmoja na uzito tofauti kabisa. Fungu la nyanya hupungua nyanya zikiadimika na bei ikabaki palepale. Safu ya kipimo iandike "debe" na "fungu" kama zilivyo.

Umebaki mstari wa sita, "maharage ya elfu mbili". Herufi zake ni BAII. Hakuna K, na namba ipo, kwa hiyo programu ya kwanza niliyoiandika ilitoa: kiasi 2,000, bidhaa maharage. Sisi sote tunajua maana yake ni maharage yenye thamani ya shilingi elfu mbili. Hii ni kazi ya tatu ya a-unganifu: ikifuatwa moja kwa moja na namba, bila kipimo katikati, namba ni fedha. Kwa hiyo namba hiyo inakwenda kwenye safu ya bei, na safu ya kiasi inabaki tupu. Inabaki tupu kwelikweli, bila sifuri, maana sifuri itajumlishwa na kugawanywa na kuleta balaa nyingine. Pana utata mdogo kwenye "pakiti za 500", ambazo zaweza kuwa za gramu au za shilingi, hizo nimezitenga.

Nilijaribu kuijaza ile nafasi tupu kwa kugawanya elfu mbili kwa bei ya kilo ya maharage ya siku ile. Ikatoka namba nzuri yenye desimali. Nikamwonyesha mwenye duka. Akaitazama, akacheka.

"Mwanangu, siku ile sikumpimia kwa mizani," akasema. "Nilimpimia kwa bakuli la buluu, na bakuli lenyewe lilishapasuka."